Mke Wetu Yule Pale

Baba mdogo alipochukua fomu ya udiwani mwaka 2020, ukoo mzima tuligawana kazi. Mwenye pikipiki alipewa mafuta, mwenye sauti akapewa spika. Mimi nina steshenari ndogo na kompyuta isiyo na kitufe cha "q", nikapewa hotuba.

Aliniletea daftari la hesabu, lile la miraba, kurasa 11 zimejaa kwa kalamu nyekundu. Akaniambia, "Mwanangu, isafishe tu. Lakini makali yake usiyapunguze."

Ukurasa wa kwanza ulinimaliza. Alitaka kuwaambia wazee kwamba atawalea kama wazazi wake, lakini herufi moja ilikuwa imemponyoka, kwa hiyo pale mwanzoni kabisa, baada ya salamu, palisomeka: "Wazee wangu, mkinichagua, nitawala." Niliitafakari ile sentensi kwa muda. Kwa upande mmoja ilikuwa ahadi pekee ambayo wapiga kura wengi wangeiamini. Nikairudisha herufi "e" mahali pake, shingo upande.

Makosa ya herufi ni mepesi. Kinachomwaibisha mgombea ni namba, na namba huwezi kuzikamata ukisoma kwa mtiririko, maana hotuba nzuri inakubeba kama wimbo. Kwa hiyo niligeuza kalenda ya mwaka uliopita, nikachora jedwali nyuma yake: namba, ni ya nini, iko ukurasa gani. Dakika kumi hazijapita, visima vikaanza kupigana. Ukurasa wa pili viko 12. Ukurasa wa saba vimezaa, viko 15. Ukurasa wa kumi anasema "visima vitatu kila kijiji", na kata yetu ina vijiji vinne.

"Baba mdogo, hivi 15 vimetoka wapi?"

Akafikiri. "Ukurasa wa saba niliuandika siku ya hitma. Nilikuwa nimeshiba."

Basi nikafuta vya shibe, vikabaki 12. Na kila mahali nikatanguliza ile "visima vitatu kila kijiji", kwa sababu mtu aliyesimama juani hahesabu visima vya kata, anahesabu vya kwao. Tena nikaandika "vitatu" kwa maneno. Ukimwandikia msomaji "visima 3", jukwaani atasoma "visima tatu", na walimu wa msingi waliokaa mstari wa mbele watakunja nyuso mpaka mwisho wa mkutano.

Mikopo ya halmashauri ilikuwa na kasoro yake. Sheria inasema halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Baba mdogo, kwa ukarimu, alikuwa ameandika wanawake tano, vijana tano, wenye ulemavu mbili, "jumla asilimia 10". Tena si ya mapato ya ndani, ni ya "bajeti yote", yaani pamoja na fedha zinazoshuka kutoka serikali kuu, ambazo zimeshapangiwa kazi zake. Nikamwambia, "Hapa umepanga timu ya watu 12, na kipa hajaingia. Hata refa wa mchangani atapuliza filimbi." Alipoambiwa yenyewe ni nne-nne-mbili, macho yakamwaka. Mfumo wa mpira! Akaweka kwa mkono wake: "Nne, nne, mbili! Kipa ni mimi, pesa haipiti!" Hapo nilimvulia kofia. Sahihisho lilikuwa langu, makali ni yake.

Lakini mgogoro mkubwa ulikuwa kati ya ukurasa wa tatu na wa nne, nao umeshonwa na waya mmoja. Ukurasa wa tatu: "Siku ya kwanza tu, nafuta ushuru wa gulio!" Ukurasa wa nne: "Kwa ushuru wa gulio, ndani ya miaka miwili nitajenga zahanati ya milioni 150!" Yaani anamchinja ng'ombe asubuhi, jioni anakuja na kibuyu kumkamua.

Nikaona nipige hesabu, hata kama ushuru haufutwi. Gulio letu lina meza 80, kila meza inalipa shilingi 500, na linakaa mara mbili kwa wiki. Hiyo ni 40,000 kwa siku ya gulio. Tufanye siku nane kwa mwezi, ni 320,000, na kwa mwaka ni 3,840,000. Ukigawa milioni 150 kwa hiyo, unapata miaka 39. Wakati ule nilikuwa na miaka 31. Zahanati ingefunguliwa nikiwa na 70, na ningekuwa mgonjwa wake wa kwanza.

Baba mdogo alinyamaza. Halafu akauliza swali la maana kuliko yote aliyouliza msimu ule: "Sasa nikisema ukweli, nani atapiga makofi?"

Hapa ndipo wasahihishaji wengi wanapoua hotuba. Wanachomeka "kwa kadiri bajeti itakavyoruhusu" na "kwa kushirikiana na wadau", na mkutano unaanza kutawanyika kutafuta kivuli. Dawa ni kutafuta kitendo ambacho diwani anaweza kukifanya kweli, ukakipa nguvu hicho. Diwani hafuti ushuru peke yake. Ushuru umo kwenye sheria ndogo za halmashauri, na kuubadilisha lazima hoja ipite baraza la madiwani, kisha iende juu kwa waziri. Ila kupeleka hoja anaweza. Kuuliza risiti anaweza. Na zahanati nyingi tunajua zinavyoanza: wananchi wananyanyua boma, halmashauri inapaua na kumalizia. Au haipaui, boma linaota mpapai ndani, kama lile la jirani zetu.

Tukaandika hivi: "Mama wa mboga za chini, nitapeleka hoja upunguziwe. Kinachobaki, nitakidai risiti kwa risiti. Ninyi nyanyueni boma, nami nitaidai halmashauri bati kwa bati!" Akaisoma kwa sauti pale steshenari. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akapiga makofi. Nikajua imeiva.

Ningezima kompyuta hapo, nisingekuwa na cha kusimulia.

Saa nne usiku, kesho yake ndio uzinduzi, meneja wa kampeni akanipigia. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa kuheshimiwa. "Mwanangu, hotuba ni nzuri, ila nita, nita, nita imezidi. Na hili la 'wananchi wangu', 'vijana wangu', wamekuwa kuku? Weka 'tuta', weka 'wetu'."

Nilimpa shikamoo yake, na ushauri wake nikaukubali. Ulikuwa na haki, angalau nusu. Ahadi ya baraza inafaa "tuta", ahadi ya mtu binafsi ibaki "nita". Kazi ya nusu saa, sentensi kwa sentensi. Tatizo, umeme ulikuwa umekatika na betri ilibaki asilimia 9. Mimi, niliyechora jedwali la visima nyuma ya kalenda, nikafungua Find and Replace, nikaandika "nita" juu na "tuta" chini, nikabonyeza Replace All. Kompyuta ikajibu imebadilisha mahali 43. Nikafanya hivyo hivyo "wangu" kuwa "wetu". Nikahifadhi, ikazima. Asubuhi umeme uliporudi nikachapa kwa herufi kubwa za ukubwa wa 18, nikampelekea kwa bodaboda. Sikusoma hata mstari mmoja. Namba zilikuwa sawa, niliamini kila kitu kiko sawa.

Sasa, kompyuta haijui neno. Inajua herufi nne zilizofuatana, na "nita" haikai mwanzoni mwa ahadi tu.

Mkutano ulijaa. Salamu zikaenda vizuri, visima vitatu kila kijiji, vigelegele. Nne-nne-mbili, vijana wakarukaruka. Akafika kwenye boma: "Ninyi nyanyueni boma, nami tutaidai halmashauri..." Nikasikia "nami tutaidai" na tumbo likashuka. Mwalimu mmoja mstari wa mbele akageuza kichwa kama kuku aliyesikia mwewe.

Nikakumbuka ukurasa wa tisa.

Ukurasa wa tisa ulikuwa wa kujibu wapinzani waliokuwa wakimwita wa kuja. Kwenye daftari aliandika, na ilikuwa sehemu tamu kuliko zote: "Wanaosema mimi si wa hapa, mzee aliyenitahiri amekaa pale chini ya mwembe!" Baba mdogo akanyoosha kidole, akavuta pumzi, akasoma kilichoandikwa: "Mzee aliyetutahiri amekaa pale chini ya mwembe!"

Kimya. Kisha bibi mmoja upande wa akina mama akasema, wala hakupaza sauti, "Mimi simo."

Uwanja ukapasuka. Mzee mwenyewe chini ya mwembe akawa anapunga mikono kukana. Baba mdogo alidhani wamefurahi, na mtu akiona kicheko anaongeza mwendo. Nilikuwa nasukumana kuelekea jukwaani, mikono juu, lakini aya iliyofuata ilikuwa fupi. "Na mke wetu yule pale! Mnamjua!"

"Tunamjuaaa!" wakaitika vijana wa bodaboda kwa pamoja.

"Kila siku namuona anahangaika na ndoo..."

"Na sisi tunamuonaaa!"

Hapo alishtuka. Akaangalia karatasi, akaangalia watu, akaniangalia mimi, nimekwama katikati ya spika mbili. Sijawahi kuona mtu akisoma sentensi moja mara tatu kimoyomoyo mbele ya halaiki.

Aliyeokoa siku ni mama mdogo. Alinyanyuka kwenye kiti cha plastiki, akafunga khanga kiunoni, akamnyang'anya mumewe kipaza sauti. "Haya, tulieni. Kama mimi ni mke wenu, mbona sijaona mahari? Mahari yangu ni visima kumi na viwili, vitatu kila kijiji. Mpeni kura huyu, halafu tumdai wote!"

Hata mpinzani wetu, niliambiwa baadaye, alicheka alipohadithiwa. Nyumbani nilipata nilichostahili. Baba mdogo hakusema neno, alinipa tu daftari jipya la miraba na kuniambia hotuba zilizobaki niziandike kwa mkono. Nikaziandika zote, mpaka kidole kikaota sugu.

Alishinda. Mpaka sasa visima vinne vinatoa maji, na mama mdogo akipita gulioni wauza nyanya wanamwita, "Mke wetu! Bado nane!"