"Umeniharibia Nyumba": Sawa Mama, Nioneshe Wapi

Ujumbe wa mama mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga uliingia usiku, hata salamu haukuwa nayo. "Umeniharibia nyumba. Amana hairudi." Chini yake orodha: rangi imefifia, ukuta wa chumbani umeharibiwa kwa maji, kitasa cha mlango wa nyuma kimelegea, sakafu imechubuka. Picha ilikuwa moja tu, ya ukuta, tena imepigwa kwa karibu mno hata hujui ni ukuta wa nyumba gani. Na huyu ndiye mama ambaye siku ya kukabidhi funguo alizunguka vyumba vyote, akaniombea heri niendako. Heri yenyewe ndiyo hii, kumbe.

Tuanze na yale mepesi. Nyumba ikikaliwa inachakaa. Rangi inafifia upande unaopigwa na jua, kitasa kinalegea kwa kufunguliwa kila asubuhi na jioni, na sakafu inapoteza ung'avu pale njia ya miguu inapotoka mlangoni kwenda jikoni. Kodi ya kila mwezi ndiyo inayolipia hayo. Uharibifu ni jambo jingine: kioo kilichovunjwa, alama ya pasi sakafuni, mlango uliopigwa teke mpaka bawaba zikang'oka. Mimi najiuliza swali moja tu: mpangaji mwangalifu, anayeishi kawaida, angeacha alama hiyo hiyo? Kama angeiacha, huo ni uchakavu wa kawaida, na amana haiguswi. Na wazazi wenzangu mnisamehe: mtoto akichora ukuta mzima kwa kalamu ya wino, huo si uchakavu, hata mchoro uwe mzuri namna gani.

Kwa hiyo rangi, kitasa na sakafu nilimjibu kwa mstari mmoja. Ukuta ndio ulionipandisha presha.

Madai yake ni kwamba nilikuwa namwaga maji chumbani na kuanika nguo ndani, ndiyo maana ukuta umeoza. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba nguo mbichi zikianikwa ndani kila siku na madirisha yamefungwa, ukuta unaweza kuota ukungu. Lakini unyevu wa namna hiyo una sura yake. Unakaa pembeni karibu na dari, nyuma ya kabati, kwenye fremu za madirisha, popote penye baridi na pasipopita hewa. Unakuja kama vidoadoa vyeusi, na mara nyingi plasta iliyo chini yake bado ni ngumu. Ukivisugua vinatoka.

Ukuta wangu haukuwa hivyo hata kidogo. Doa lilianzia chini kabisa, sakafuni, likapanda hadi usawa wa goti na kutambaa ukuta mzima kama mstari. Rangi ilivimba malengelenge. Ukiyabonyeza yanapasuka, na ndani unakuta unga mweupe unaobaki kidoleni. Hiyo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia ukutani, yanabeba chumvi, kisha yanakauka na kuiacha juu ya uso. Nguo za kuanikwa ndani na maji yanayomwagika mara moja moja kwa kawaida havifanyi kazi hiyo. Unyevu wa ardhini kwa kawaida hauvuki mita moja hivi, na ukuta wangu ulifuata kanuni hiyo kwa utiifu mkubwa.

Sasa nenda nje, upande wa pili wa ukuta ule ule. Kuna bustani ya maua. Udongo umerundikwa ukutani mpaka umepita usawa wa sakafu ya ndani, na unamwagiliwa kila jioni. Chini ya kuta nyingi kuna tabaka la kuzuia unyevu, limewekwa pale ili maji ya ardhini yasipande. Udongo ukirundikwa juu ya tabaka hilo, maji yanalizunguka na kuingia ukutani bila hodi. Bustani si yangu. Niliikuta, na maua alikuwa anakuja kuyapalilia mwenyewe.

Sikutaka libaki neno langu dhidi ya neno lake, maana tungebishana mpaka kiama. Kabla sijahama nilikausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, nikabandika kipande cha karatasi ya foili, kingo zote nne nikaziziba kwa gundi ya karatasi, nikaacha siku mbili. Matone yakitokea upande wa foili unaotazama chumba, unyevu unatoka hewani, na mpangaji ana maswali ya kujibu. Yakitokea nyuma, kati ya foili na ukuta, unatoka ukutani. Yangu yalikuwa nyuma. Jaribio hili halikuambii kama ni ardhi au ni bomba lililopasuka, kwa hiyo nilifunga mabomba yote na kutazama mita ya maji. Haikusogea. Vyote viwili nilivipiga picha.

Na kuna jambo moja linalowaangusha wapangaji wengi hata pale wanapokuwa na haki: kukaa kimya. Ukiona unyevu usiseme, tatizo likakua, mwenye nyumba anaweza kukudai lile lililoongezeka kwa ukimya wako, na sitakutetea. Mimi nilimwandikia mara tu malengelenge yalipoanza, nikaambatanisha picha. Alijibu "nitamtuma fundi." Fundi huyo nadhani bado yuko njiani.

Basi jibu langu likawa hili, neno kwa neno:

"Shikamoo mama. Nimepokea ujumbe wako. Kuhusu rangi, kitasa na sakafu, huo ni uchakavu wa matumizi ya kawaida, na sikubali ukatwe kwenye amana. Kuhusu ukuta, unyevu unatoka nje kupitia ukutani, na nilikutaarifu kwa maandishi. Naambatanisha taarifa hiyo, jibu lako, na picha za jaribio. Kama bado unaona nimehusika, naomba vitu vitatu: picha za ukuta huo siku naingia, maelezo ya fundi kuhusu chanzo cha maji, na risiti ya kazi iliyofanyika. Naomba unijibu kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne."

Hakuna matusi humo. Niliyaandika, nikayafuta.

Naomba risiti au angalau makadirio ya fundi yenye mchanganuo, kwa sababu "nyumba nzima inahitaji rangi" ni matamanio, si hasara. Tuseme rangi hukaa miaka mitano, na ilikuwa mpya siku naingia. Nimekaa miaka minne. Hata kama kweli ningeuharibu ukuta ule, na kuupaka upya kunagharimu 100, rangi niliyoharibu ilikuwa imebakiza moja ya tano ya maisha yake. Deni langu ni 20, tena kwa ukuta huo mmoja, si kwa nyumba nzima. Amana haipo ili mwenye nyumba apate kitu kipya badala ya cha zamani.

Kuhusu picha, jambo dogo la kiufundi. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za ndani za lini ilipigwa hufutwa. Tuma kama faili, na ile ya awali usiiondoe kwenye simu. Anza kwa kupiga chumba kizima ili ukuta utambulike, kisha sogea karibu. Nami nimemwomba mama afanye hivyo hivyo, maana ile picha yake ya karibu inaweza kuwa ya ukuta wa jirani.