Risiti moja ya Lamu, mistari mitano: upi unadai na upi unauacha

"Tuna kampuni ndogo hapa Malindi, twatengeneza mashine za barafu na friji za samaki, VAT tumejiandikisha. Juzi nilienda Lamu kikazi siku mbili nikamlisha mteja pale Shela. Risiti ina VAT, levi, sevisi chaji, na juu yake nikaacha bakshishi. Kipi kinahesabika kuwa mlo wa biashara na kipi hakihesabiki?"

Dadangu, picha ya risiti nimeiona vizuri, naiandika hapa ili na wengine waifuate:

```
Sub Total         5,000.00
VAT 16%             800.00
Tourism Levy 2%     100.00
Service 10%         500.00
TOTAL             6,400.00
```

Na chini umeandika kwa kalamu "tip 300", ulimtumia mhudumu kwa M-Pesa. Kwa hiyo mfukoni zimetoka 6,700.

Kwanza tutenganishe madai mawili, manake hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Kuna kudai VAT irudi kwenye ritani ya VAT ya mwezi, na kuna kuweka gharama kwenye hesabu za mwaka ili faida inayokatwa kodi ipungue, na hizi ni sheria mbili tofauti zenye maneno tofauti, mstari mmoja unaweza kukataliwa huku ukakubaliwa kule.

Tuanze na VAT. Pesa ya kudai ni ile iliyochapishwa kwenye invoisi, basi, usiitafute kwa kalkuleta kutoka chini. Nimeona mtu anachukua 6,400 anaipiga kwa asilimia 16 anapata 1,024, mwengine anajua kidogo zaidi anagawa kwa 116 anazidisha kwa 16 anapata 882.76, na wote wawili wamekosea kwa sababu ndani ya ile 6,400 kuna levi na sevisi ambazo hapa hazikutozwa VAT. Utajuaje? Gawa 800 kwa 5,000, inakuja 16 kwa mia kamili, kwa hiyo VAT ilipigwa kwa chakula tu. Kama wangeijumlisha na sevisi ingekuwa 16% ya 5,500, ungeona 880. Hesabu ya nusu dakika na inakuonyesha mashine ya hoteli imepangwa vipi.

Sasa je, hiyo 800 yote ni yako? Sheria ya VAT ya 2013, kifungu cha 17, inazuia kudai VAT ya burudani, mikahawa na malazi, halafu inafungua mlango kidogo: huduma ikitolewa wakati anayeipokea yuko mbali na nyumbani kwa kazi ya biashara yake au ya mwajiri wake. Wewe ulikuwa mbali na nyumbani, hilo halina ubishi, mtu wa Malindi aliyepanda basi mpaka Mokowe akavuka kwa boti akalala Lamu yuko safarini. Lakini mteja wako je? Yeye nyumbani kwake ni huko huko Lamu, alitembea kwa miguu kuja kula.

Hapa wahasibu wanagawanyika na kila upande una hoja. Wa kwanza wanasema anayepokea huduma ni yule aliyeiagiza, aliyelipa na ambaye PIN yake iko kwenye invoisi, yaani kampuni yako kupitia wewe, kwa hiyo 800 nzima idaiwe. Wa pili wanasema mlo hupokewa na anayekula, na mteja wako aliyekula kamba hakuwa mbali na kwao. Mimi hoja ya kwanza naiona ina nguvu kwenye karatasi, kwa sababu invoisi haimjui mteja wako kabisa, lakini ukisoma kifungu utaona wazi kilitaka kumsaidia msafiri anayelazimika kula nje, si kulipia karamu ya mwenyeji. Kwa bili yako, samaki wa kupaka na wali wako ni 2,000, kamba na juisi za mteja ni 3,000. VAT ya upande wako ni 320, ya mteja 480. Mimi ningedai 320. Hiyo 480 haipotei yote, manake VAT usiyoidai inaingia kwenye gharama ya mlo, na kwa kampuni inayokatwa asilimia 30 unapunguziwa kodi 144, kwa hiyo unachoacha hasa ni 336. Ukiamua kudai 800 sitakuita mwizi, ila uwe tayari kuitetea, na usiidai huku halafu ukaiweka tena kwenye gharama kule, hiyo sasa ni kudai mara mbili.

Levi ya utalii ile 100 haina mambo mengi. Si VAT, hairudi kwenye ritani ya VAT hata siku moja, ni sehemu ya bei ya chakula na inafuata chakula kinapokwenda.

Mstari wenye ubishi mkubwa ni sevisi chaji. Kuna wanaosema hii ni bakshishi iliyovaa nguo nyengine, inaenda kwa wahudumu, sasa kama bakshishi haidaiwi kwa nini hii idaiwe. Naelewa wanatoka wapi. Lakini jiulize nani aliyepanga kiasi. Ile 500 aliipanga hoteli, iko kwenye bili kabla hujatoa pochi, na huwezi kulipa 5,900 ukaondoka. Hiyo ni bei, hata kama hoteli ikiipata inawagawia vijana wake. Ile 300 uliipanga wewe kwa moyo wako baada ya kushiba. Tofauti iko hapo.

Ila kuna sharti moja na hili ndilo linalowaumiza watu kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Na bili wanayokuletea mezani si lazima iwe ndiyo invoisi. Mara nyengine bili ya meza inasema 6,400, halafu ile yenye QR code inasema 5,900 kwa sababu sevisi haikupitishwa kwenye eTIMS. Kwa hiyo skani ile QR code ukiwa bado umekaa, inakupeleka kwenye ukurasa wa KRA, tazama jumla iliyoandikwa pale. Ikiwa ni 6,400, sevisi iko salama ndani. Ikiwa ni 5,900, basi ile 500 haina karatasi na mimi naiweka pamoja na bakshishi, hata kama kwa haki ni bei. Yako nimeiangalia, ni 6,400.

Na PIN ya kampuni uitaje kabla hawajafunga bili. Hili nasema kwa uchungu, mwaka jana nilikula mahali na mteja nikataja PIN baada ya risiti kutoka, kijana wa kaunta akanambia mfumo umeshafunga, kumbe njia ipo, wanatoa kredit noti wanafuta ile ya kwanza wanatoa nyengine, lakini hakuna aliyetaka kujisumbua usiku ule na mimi nikaondoka na risiti isiyonifaa kwa VAT. Bila PIN yako invoisi haikufuati kwenye ritani yako.

Tuje kwenye bakshishi yenyewe. Wanaotaka ihesabiwe wanasema ni gharama ya kweli ya biashara, huwezi kumkaribisha mteja halafu ukaondoka bila kumwachia chochote aliyekuhudumia, utaonekana mchoyo na mteja ameona. Ni kweli kabisa, na kama wewe ni mwajiriwa, ofisi yako ikiamua kukurudishia 300 hakuna ubaya. Lakini kurudishiwa na ofisi si sawa na kukubaliwa na KRA. Meseji ya M-Pesa inathibitisha pesa ilitoka, haithibitishi umenunua nini, na mhudumu hakupi invoisi. Kwa hiyo iandike kwenye vitabu kwa jina lake, safu yake peke yake, halafu mwisho wa mwaka wakati wa kukokotoa kodi unairudisha kwenye faida. Kodi yake ni shilingi 90. Usiichanganye na mlo ili usomeke 6,700, manake mtu akikagua akaona 6,700 na invoisi ya 6,400, hataishia kwenye hiyo 300, ataanza kuzifungua risiti zako zote.

Kwenye kodi ya mapato basi, mlo wako unasimamaje? Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 16, inakataa gharama za hoteli na mikahawa isipokuwa za safari za biashara, mafunzo au makongamano ya kazi, au chakula cha wafanyakazi kwenye eneo la mwajiri. Angalia neno lililotumika, ni safari, haisemi nani alikula. Ndio maana hapa sihangaiki na kamba wa mteja kama nilivyohangaika kwenye VAT, safari ilikuwa ya kazi na mlo ulikuwa ndani ya safari. Kwa hiyo 320 inaenda ritani ya VAT, 6,080 inaingia kwenye gharama, 300 inakaa pembeni.

Nyuma ya risiti andika leo hii: jina la mteja, mashine gani mlikuwa mnaizungumzia, tarehe ya kwenda na kurudi, na uibane pamoja na tiketi ya basi na risiti ya chumba, manake hizo ndizo zinazothibitisha safari, chakula chenyewe hakithibitishi. Piga picha pia, karatasi hizi za mashine joto linazifuta, ukiiacha kwenye dashibodi wiki mbili inabaki nyeupe.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu mteja huyo huyo atakuja Malindi mwezi ujao na utamlisha tena. Hapo mambo yanageuka ingawa risiti itakuwa na mistari ile ile. Wewe uko nyumbani, mlango wa VAT umefungwa kwako, na yeye yuko mbali na kwao lakini invoisi si yake. Kwenye kodi ya mapato hakuna safari yako. Wapo wanaotetea kwamba ile orodha ya kifungu cha 16 iko chini ya matumizi ya kibinafsi, na mlo wa kufunga mkataba si wa kibinafsi, kwa hiyo uruhusiwe kama gharama yoyote ya kuingiza pato. Si hoja ya kijinga, lakini kifungu kimetaja mikahawa kwa jina na kikataja misamaha yake kwa jina, na chakula cha mchana na mteja mjini kwenu hakimo. Mimi huo mlo ningeuandika kwenye vitabu wote, 6,400, kwa sababu kampuni imetumia, kisha ningeurudisha wote kwenye faida wakati wa kodi.