Mjusi kafiri hanyonyi ukuta

Mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la sita, amerudi nyumbani na alama ya kosa kwa sababu aliandika kwamba mjusi kafiri hushikilia ukuta kwa vinywele vya miguuni. Jibu sahihi, kwa mujibu wa kitabu cha mazoezi, ni kwamba ana vikombe vya kunyonya. Ningenyamaza kama kosa lenyewe lingekuwa jipya, lakini jambo hili lilijaribiwa mwaka 1934, pale Mjerumani Dellit alipomweka mjusi wa aina hii kwenye chombo na kuondoa hewa. Kikombe cha kunyonya hushikiliwa na msukumo wa hewa ya nje, kwa hiyo hewa ikiisha lazima kianguke. Mjusi hakuanguka. Wenye nadharia ya gundi nao nawajibu kwa mstari mmoja: ngozi ya nyayo zake haina tezi za kuitoa.

Alichoandika mtoto ndicho kinachoonekana kwa hadubini. Chini ya kila kidole kuna mikunjo ya ngozi iliyopangwa kama mistari, na juu ya mikunjo hiyo vimeota vinywele vyenye urefu wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kila kinywele hugawanyika nchani kuwa mamia ya matawi, na kila tawi huishia kwenye kibapa chenye upana wa nanomita 200 hivi, udogo ambao hadubini ya kawaida ya shuleni haiwezi kuuonyesha vizuri. Vibapa hivyo husogea karibu mno na ukuta, kiasi kwamba molekuli za pande mbili huanza kuvutana kwa ule mvuto hafifu unaoitwa wa Van der Waals. Kwa kibapa kimoja ni nguvu ndogo sana. Kwa mamilioni ya vibapa ni habari nyingine.

Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake walipima kinywele kimoja cha mjusi aina ya tokei wa Asia ya Kusini-Mashariki. Mwanzoni hakikushika vizuri. Kilishika pale walipokisukuma kidogo kwenye uso wa kipimo kisha wakakivuta sambamba nao kwa mikromita 5 hivi, mwendo uleule anaoufanya mjusi anapokanyaga. Hapo kikatoa takriban mikronyutoni 200. Kwa kuwa mguu mmoja una vinywele karibu nusu milioni, hesabu inatoa nyutoni 100 kwa mguu, ilhali miguu miwili ya mbele ya mnyama mzima ilikuwa imepimwa ikatoa nyutoni 20 tu. Maana yake ni kwamba vinywele vingi havishiki kwa nguvu zake zote kwa wakati mmoja, na hata hivyo nyutoni 20 zinatosha kubeba kama kilo 2, mzigo mkubwa kuliko mjusi mwenyewe mara nyingi.

Bado palikuwa na hoja moja ya haki: huenda kinachoshika ni utando mwembamba wa maji, kama vioo viwili vilivyolowa vinavyogandana. Jaribio la mwaka 2002 lililojibu hoja hiyo lilinivutia kwa werevu wake. Watafiti walipima mshiko wa vidole vya mijusi hai kwenye nyuso mbili laini, moja ya dioksidi ya silikoni inayopenda maji, nyingine ya galiamu asenidi inayoyakataa maji kama tefloni inavyoyakataa. Kama maji ndiyo yaliyokuwa yakishika, mjusi angeteleza kwenye ule uso wa pili. Alishika kote kuwili karibu sawasawa, kwa sababu mvuto wa Van der Waals haujali kama uso unapenda maji. Hujali jinsi elektroni za uso zinavyosogezeka, na katika galiamu asenidi zinasogezeka kwa urahisi. Kwenye tefloni kavu hazisogezeki sana, na huko ndiko mjusi huteleza kweli.

Mwenye kitabu atauliza mjusi hujibanduaje. Kinywele kikiinuliwa hadi pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka ukutani huachia chenyewe, ndiyo maana hukunja vidole kwenda juu kuanzia nchani, tofauti kabisa na sisi. Simama nje ya dirisha la kioo usiku, mulika tochi kwa chini anapotembea, utaviona vikikunjuka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba baadhi ya vipimo vilivyofuata vilionyesha unyevu wa hewani ukiongeza mshiko. Lakini nyayo zenyewe zikilowa chapachapa, tokei hushindwa kujishikilia vizuri hata kwenye kioo, mpaka zikauke.