Mstari mweusi kwenye kucha: "nilijigonga" isimalize mjadala

"Nina mstari mweusi kwenye kucha ya dole gumba la mguu, nilijigonga mpirani miezi mitatu nyuma, washkaji wanasema kwetu weusi ni kawaida tu. Niende hospitali au niache?"

Washkaji wana hoja. Kwa ngozi nyeusi hii mistari ni mingi mno na inaongezeka na umri, ukifika miaka 50 kukosa hata mmoja ndio ajabu. Ni seli za rangi tu kwenye shina la kucha zinafanya kazi. Ikiwa kwenye vidole kadhaa, myembamba, rangi moja, miaka nenda rudi haibadiliki, hakuna haja ya kukosa usingizi. Halafu kukata kipande kidogo cha nyama kwenye shina ili kipimwe kunaweza kuacha kucha na ufa wa kudumu, kwahiyo daktari anayesita kukata hajakudharau.

Ila hiyo "kawaida" ikishaungana na "nilijigonga" ndio watu wanachelewa. Melanoma, yaani kansa ya hizo seli za rangi, kwetu ni adimu, lakini ikija inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha, na wengi wanafika hospitali imeshaenda mbali. Bob Marley aliumia kidole cha mguu mpirani, mwaka 1977 ikagundulika ni melanoma, 1981 akafariki akiwa na miaka 36 tu. Mpira haukuleta kansa, ulifanya ionekane kidonda cha kawaida.

Na damu iliyovilia inapimika kwa rula, hapa ndipo watu hawaangalii kabisa. Kucha ya dole gumba la mguu inakua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, na damu inasukumwa mbele pamoja nayo. Wewe una miezi mitatu, kwahiyo kama ni damu ya siku ile, sasa hivi nyuma ya doa ungeona milimita nne hivi za kucha mpya, safi. Futa rangi ya kucha au hina, kaa penye mwanga wa mchana, pima, piga picha. Kama weusi bado unaanzia kwenye shina kabisa na unakwenda mpaka ncha, hiyo siyo damu ya mpirani, nenda ukaonwe. Hata doa likisogea lakini likaacha weusi nyuma yake, nenda, maana uvimbe nao unavuja damu.

Usisubiri hata hiyo rula kama mstari uko kidole kimoja tu na unapanuka, umezidi milimita tatu, ni mpana zaidi kwenye shina kuliko kwenye ncha, kucha inapasuka, au weusi umevuka kwenye ngozi inayozunguka kucha. Hapo kwenye ngozi linganisha na dole la mguu wa pili, kwasababu wengi wetu pale ni peusi kiasili.

Kwa Dar anzia hospitali ya wilaya, omba rufaa kwa daktari wa ngozi Muhimbili. Akishuku, kipimo ni hicho kipande cha nyama kutoka kwenye shina, kukwangua kucha ya juu peke yake hakuwezi kukuhakikishia kwamba siyo melanoma.