Saa kumi na moja ya Chicago, saa saba ya Dar

Mwaka wa nane sasa niko Chicago, na bado saa yangu ya kichwani ni ya nyumbani: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, basi. Kwetu Dar saa hufuata jua na haibadiliki mwaka mzima. Huku Wamarekani huisogeza mbele saa moja kila Machi, wakairudisha Novemba, halafu wanashangaa wengine wakichelewa.

Mei hii bosi wangu aliwaandikia wahasibu tunaofanya nao kazi Dar: hesabu zifike "05/06, 5 PM CST". Huku mwezi hutangulia siku, kwa hiyo yeye alimaanisha tarehe 6 Mei. Dar wakasoma tarehe 5 Juni, wakapanga kazi taratibu, wana mwezi mzima. Tarehe kama 05/20 ingewashtua, maana hakuna mwezi wa ishirini. Zinazoponza ni zile ambazo namba zote mbili hazizidi kumi na mbili.

Hata tarehe wangeipatia, saa ingewakwamisha. CST ni saa za Chicago wakati wa baridi, saa sita nyuma ya UTC, saa ya msingi ambayo saa za dunia nzima hupimwa nayo. Mei huwa ni CDT, saa tano nyuma, ila watu huku huandika CST mwaka mzima kwa mazoea. Anayepiga hesabu kwa CST atapata saa nane usiku Dar, kumbe muda umekwisha saa saba. Na hiyo saa saba tayari ni Alhamisi, ilhali Chicago bado Jumatano jioni.

Siku hizi ujumbe huo nauandika mimi, hivi:

```
Mwisho: Jumatano 6 Mei 2026, 17:00 Chicago (UTC-5)
      = Alhamisi 7 Mei 2026, 01:00 Dar es Salaam (UTC+3)
```

Jina la siku lina kazi yake: nikikosea tarehe, siku na tarehe hazitalingana na mtu atauliza. Bosi anaona ni maneno mengi. Mimi naona ni mafupi kuliko barua pepe za kuombana radhi.

Lakini nasi tusijitoe. Mwenzangu wa Dar aliwahi kuniandikia "nitatuma Ijumaa usiku, saa sita". Mwanzo wa Ijumaa au mwisho wake? Tukizungumza tuna neno zuri, "usiku wa kuamkia Ijumaa", ila kwenye barua pepe tunaliacha. Nikamwomba aandike 23:59 na tarehe, maana 00:00 nayo ina utata uleule. Saa ya Kiswahili tuiache kwenye simu, na hata huko niliwahi kumwambia mtu "saa tano" nikiwa na 5 PM kichwani. Akanipigia saa tano usiku ya Dar, nami ndiyo kwanza nakaa kula chakula cha mchana.