Saa 2 Usiku, Vituo 46, na Seva Inayopiga Kura

Msimu wa tumbaku ukishaanza hapa Tabora, najua simu yangu itaanza kuita saa 2 na dakika mbili usiku. Nikiwa bado naongea na karani wa Urambo, wa Kaliua naye yuko kwenye laini anasubiri. Maneno ni yaleyale: "Fundi, mtandao umekata tena."

Kazi yenyewe si kubwa. Vyama vya msingi vinapima marobota mchana kutwa, karani anaingiza uzito na daraja kwenye laptopu, na ikifika saa 2 usiku laptopu inatuma faili la siku kwenye seva tuliyokodi, kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, inayopita ndani ya SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva. Msimu wa kwanza vituo vilikuwa 8. Mara mojamoja kimoja kilikataa, nikasema mtandao, nikalala. Msimu huu vimekuwa 46, na kila usiku vituo kama 17 vinashindwa. Kwenye skrini ya karani unabaki mstari huu:

```
kex_exchange_identification: read: Connection reset by peer
```

Na mimi nililaumu mtandao wiki nzima, kwa hiyo sitamcheka mtu. Kilichonizindua ni mama mmoja karani wa upande wa Sikonge. Aliniambia, "Mwanangu, jana mimi nilikataliwa, jirani yangu akapita. Leo yeye kakataliwa, mimi nimepita. Huu mtandao gani unaokwenda kwa zamu?" Swali hilo lilinishinda kujibu. Mnara mbovu ungewakosesha watu walewale kila siku. Ufunguo wenye kosa ungekataliwa kila usiku, tena kwa maneno mengine kabisa. Hapa aliyekataliwa akijaribu tena baada ya dakika moja anapita bila shida. Tabia hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe yuko kwenye seva.

Anaitwa `MaxStartups`. Ni kipimo ndani ya sshd, programu ya seva inayopokea wanaokuja kwa SSH, kinachohesabu wapiga hodi, yaani miunganisho iliyofika mlangoni lakini haijathibitisha ni nani. Ukishathibitishwa hauhesabiwi tena, hata ukikaa ndani siku nzima. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanaona namba 10 kwenye mpangilio wake wanadhani seva inaruhusu watumiaji kumi tu, au wanakimbilia kubadili `MaxSessions`, ambayo inahusu vikao vilivyo ndani ya muunganisho mmoja na haina lolote la kufanya na kisa hiki. Ili uone seva yako inatumia nini sasa hivi, iulize yenyewe:

```
sudo sshd -T | grep -Ei 'maxstartups|logingrace'
```

Ya kwangu ilijibu `10:30:100`, ambayo ndiyo ya kawaida kama hujagusa kitu. Maana yake ni hii. Wapiga hodi wakiwa chini ya 10, kila anayekuja anapokewa. Wakifika 10, anayefuata anapigiwa kura: ana asilimia 30 ya kufungiwa mlango. Kadiri wanavyozidi kurundikana ndivyo asilimia inavyopanda taratibu, na wakifika 100 hapokelewi mtu.

Sasa rudi saa 2 usiku. Laptopu zote 46 zinasahihisha saa zake kutoka intaneti, kwa hiyo zinagonga mlango ndani ya sekunde moja au mbili. Hiyo ni kazi ya mikono yangu, nilijisifu kwamba saa zangu hazikosei! Kabla hazijafika, mlangoni tayari kuna maboti, yale yanayozunguka intaneti nzima yakibahatisha manenosiri. Usiku nilioangalia yalikuwa 6. Basi laptopu 4 za kwanza zinaingia kwenye hesabu bila maswali, na 42 zilizobaki zinapigiwa kura moja baada ya nyingine. Wa mwanzo wana hatari ya asilimia 30. Lakini kila anayepokewa anaongeza msongamano, kwa sababu kwenye laini zetu za simu salamu za SSH zinaweza kuchukua sekunde kadhaa, na muda wote huo bado anahesabiwa mpiga hodi. Wakifika 36 mlangoni, hatari imeshakuwa asilimia 50. Chukua wastani wa asilimia 40 ya hizo 42, unapata kama 17. Nilipomaliza hesabu hiyo kwenye karatasi nilicheka peke yangu, maana ndiyo namba niliyokuwa napigiwa simu kila usiku.

Kwa nini "reset" na si neno la kistaarabu zaidi? Kwa sababu laptopu ikishaunganishwa haisubiri, inatuma papo hapo mstari wake wa kujitambulisha. Seva ikifunga soketi ambayo ina data haijasomwa, kernel, kiini cha mfumo wa seva, inarudisha pakiti ya RST, yaani reset, badala ya kuaga vizuri. Kama seva imewahi kufunga kabla mstari haujafika, karani anaona `Connection closed by remote host`. Kisa ni kimoja, kinachotofautiana ni nani kawahi. Kwa hiyo msibishane kwenye magrupu kuhusu maneno hayo mawili.

Ushahidi uko kwenye logi ya seva, si kwenye laptopu:

```
error: beginning MaxStartups throttling
drop connection #10 from [203.0.113.24]:51544 on [198.51.100.7]:22 past MaxStartups
exited MaxStartups throttling after 00:01:37, 17 connections dropped
```

Angalieni vizuri mstari wa kati. Kwa kiwango cha kawaida cha logi, unaandikwa kwa aliyekataliwa wa kwanza tu, wanaofuata wanapita kimya. Nilimwonyesha mwenzangu akasema, "Mbona ni mmoja tu?" Jumla iko kwenye mstari wa mwisho. Na ukitaka kuona mambo yakitokea, fungua `systemctl status ssh` saa yenyewe ya msongamano. Kwenye matoleo ya miaka hii jina la prosesi linajihesabu lenyewe: `[listener] 31 of 10-100 startups`. Kama logi haina mistari hiyo kabisa, tafuta mchawi mwingine, labda fayawoli au kumbukumbu ya seva iliyojaa.

Hapa ndipo ninapokosana na mafundi wenzangu. Ushauri wa kwanza utakaopewa popote ni "weka 1000 uendelee na maisha". Mimi siukubali. Kila mpiga hodi ni prosesi yake kwenye seva, na prosesi hiyo inafanya hesabu nzito za kubadilishana funguo. Seva yetu ina RAM ya GB 1. Ukifungua mlango kwa elfu, umewafungulia maboti pia, na siku yakija kwa wingi hutapata hata nafasi ya kuingia mwenyewe kuzima. Ile kura ina akili kuliko inavyoonekana: kwa kikomo kigumu cha 10, mtu mmoja mwenye nia mbaya angeshikilia nafasi 10 na kuwafungia wote nje, lakini kwa kura mwenye seva akijaribu mara tatu nne anapita.

Mimi nilianza kwa kutawanya muda. Laptopu 46 zikigawanywa ndani ya dakika 15, inagonga moja kila baada ya sekunde 20 hivi, na hapo hata kumi hazikutani. Nikaongeza mstari mmoja kwenye skripti, nikatuma kwa wote, nikakaa kusubiri sifa. Saa 2 na dakika mbili, simu! Skripti yangu ilianza na `#!/bin/sh`, na kwenye Ubuntu hiyo ni shell ya dash, ambayo haina `RANDOM`, ile namba ya kubahatisha niliyoitegemea. Haikulalamika, ilihesabu sifuri, ikalala sekunde sifuri, wote wakagonga pamoja kama jana. Iliyofanya kazi ni hii:

```
#!/bin/bash
sleep $((RANDOM % 900))
```

Tena iwe ndani ya faili la skripti. Ukiuandika mstari huo moja kwa moja kwenye crontab, alama ya `%` huko inasomwa kama mwisho wa mstari, na amri yako inakatika katikati.

Jambo la pili lilikuwa kuwapunguzia maboti muda wa kukaa mlangoni. `LoginGraceTime` ya kawaida ni sekunde 120. Boti likinyamaza tu, linashika nafasi dakika mbili nzima. Nimeweka 30, na kwa vituo vyetu vinavyoingia kwa ufunguo bila kuchapa nenosiri, 30 zinatosha hata laini ikiwa nzito. Na kama ni wewe uliyeweka `LoginGraceTime 0` Julai 2024 ili kuziba lile tundu la usalama la sshd lililoitwa regreSSHion, nenda kaangalie leo kama bado ipo. Ilikuwa dawa ya dharura ya seva ambazo hazijasasishwa, na gharama yake ilikuwa hiihii: sifuri maana yake hakuna kikomo, kwa hiyo anayeshika nafasi anaweza kukaa nayo tu, mpaka zote 100 zijae.

Kuna kitu kimoja nilijaribu nikajuta. `PerSourceMaxStartups`, iliyokuja na OpenSSH 8.5, inaweka kikomo cha wapiga hodi kwa kila anwani. Nikaweka 2, nikijua nimewapata maboti. Usiku huo waliokataliwa waliongezeka. Laptopu zetu zinatumia modemu za simu, na kampuni za simu zinawapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Kwa seva, vituo vyangu kadhaa vilikuwa mtu mmoja mwenye fujo. Kama vituo vyako vina anwani zao wenyewe, itumie kwa raha. Mimi nimeiondoa.

Kabla ya kuamini mabadiliko yoyote, piga `sudo sshd -t` kwanza, kisha `sudo systemctl reload ssh`, na dirisha lako la zamani liache wazi mpaka uingie kwa jipya. Halafu rudia ile `sshd -T` ya juu. sshd inashika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na kwenye Ubuntu mafaili ya `/etc/ssh/sshd_config.d/` yanasomwa kabla, kwa hiyo unaweza kuandika 30 chini huku juu kuna mtu kaandika 120 tangu mwaka jana.

`MaxStartups` yenyewe sijaigusa, bado ni `10:30:100`. Simu ninayopokea sasa ni moja, kutoka kwa yule mama wa Sikonge, saa 2 na dakika saba: "Mwanangu, mbona yangu haijatuma, imekaa tu?" Imelala, inasubiri zamu yake. Nimeongeza ujumbe kwenye skrini yake: "Nasubiri dakika 9, usizime." Jana alinipigia akaniuliza kwa nini yake ni 9 wakati ya jirani ni 2.