Elfu hamsini na ya kutolea

Mama akinipigia simu kuomba elfu hamsini, jamani, haombi elfu hamsini. Anaomba "elfu hamsini na ya kutolea, mwanangu". Hiyo "na ya kutolea" ndo inayonimaliza maana haina bei maalum, kila mtu ana yake. Shemeji ana ya kwake, mjomba wa Singida ana ya kwake inayokaribia nauli ya basi, na ukituma kavu kavu utasikia kwenye msiba watu wanasema yule siku hizi ana mkono wa birika.

Sasa mi nikajiuliza, hivi hii ya kutolea inaliwa na nani hasa? Maana ukimuuliza wakala anakuonyesha bango la kampuni, ukipiga huduma kwa wateja wanakwambia ni makato ya serikali, ukimuuliza mtu wa serikali anasema ada ya kampuni iko juu. Kila mmoja ananyoosha kidole kwa mwenzie na mi hela yangu ishakatwa.

Basi nimekaa nikazichambua na ukweli ni kwamba hapo kuna vitu vya aina mbili, na ukivichanganya hutoelewa kitu mpaka unakufa. Kuna kodi zinazofuata ada, na kuna tozo inayofuata kiasi cha hela. Yaani VAT na ushuru wa bidhaa zinaangalia kampuni imekutoza shilingi ngapi kwa huduma. Tozo yenyewe haina habari na hiyo ada, inaangalia umeshika kiasi gani mkononi, unatoa laki au unatoa elfu kumi, inakupanga kwenye daraja lako na kukukata.

Tuanze na tozo maana hiyo ndo ilitutoa jasho. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, na kipindi kile ilikuwa inakata ukituma na inakata ukitoa, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja kwa wale wenye mamilioni yao. Maana yake nikimtumia mama nakatwa mimi, mama akienda kwa wakala anakatwa yeye, hela ni ileile moja imetoka Mbagala imeenda kijijini. Tukaambiwa ni kwa ajili ya vituo vya afya na madarasa, sawa, sikatai, watoto wasome. Watu wakapiga kelele, Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa asilimia 30, kwa hiyo ile ya juu kabisa ikawa 7,000. Bajeti iliyofuata ikashuka tena mpaka 4,000, nikasema alhamdulillah sasa tunapumua.

Kumbe nimeshukuru mapema! Hiyohiyo Julai 2022 iliyoshusha ndiyo iliyoipeleka tozo benki. Mi nilikuwa nimeikimbia kwenye simu nimejificha benki, najiona mjanja, nikaikuta imekaa pale inanisubiri na kalamu. Unahamisha hela kutoka akaunti yako kwenda akaunti yako nyingine, zote zako, zina jina lako, tozo. Mshahara umeshakatwa kodi kazini, unautoa, tozo. Ndo kelele zikawa kubwa kweli mpaka tarehe 20 Septemba waziri wa fedha akasimama bungeni Dodoma akasema kuanzia Oktoba Mosi tozo ya kuhamisha hela benki kwenda benki inafutwa, na benki kwenda simu nayo inafutwa. Halafu 2023 ikafutwa ile ya kutuma kwenye simu. Iliyobaki ni ya kutoa. Kwa hiyo tozo imehama kutoka kwangu mimi mtumaji imeenda kukaa kwa mama mpokeaji, na mama kairudisha kwangu kwa njia ya "na ya kutolea". Wataalamu wa uchumi wana jina lao kwa jambo hili, sisi nyumbani tunaita kuhonga mlango wa mbele na wa nyuma.

Lakini tozo walau ina adabu, inajitaja. Ukipata meseji ya kutoa unaiona imeandikwa mstari wake peke yake, unaitukana kwa jina. Hizi nyingine mbili ndo nyoka wa kwenye majani.

Chukua mfano huu, maana niliuona kwa macho yangu kwenye taarifa ya akaunti. Bango la benki lilikuwa linasema huduma fulani ni shilingi 1,000, na chini kuna nyota, na nyota imeandikwa kwa herufi ambazo hata sisimizi angevaa miwani. Nimefanya ule muamala, nacheki salio, imepungua 1,298. Nikamfuata dada wa dirishani, nikamwambia samahani dada yangu, hii 298 ni ya nini, chai? Akacheka akaniprintia karatasi. Mstari wa kwanza 1,000, hiyo ya benki. Mstari wa pili `EXCISE DUTY` 100, huo ni ushuru wa bidhaa, asilimia 10 ya ada. Mstari wa tatu `VAT` 198.

Hapo kwenye 198 nikaganda. VAT ni asilimia 18, na kumi na nane ya elfu moja ni 180, hata mtoto wa darasa la tano anajua. Hii kumi na nane ya ziada imetoka wapi? Dada akanieleza taratibu kama anamwelekeza mgeni kituo cha basi: kaka, VAT haipigwi kwenye elfu moja, inapigwa kwenye elfu moja mia moja, kwa sababu ushuru unaingia kwanza, halafu VAT inakuja kukaa juu ya jumla yote. Yaani ile shilingi 18 ni kodi ya kodi. Nimelipa ushuru halafu nikalipa VAT kwa kosa la kulipa ushuru!

Ndo maana wale wanaojumlisha haraka haraka 10 na 18 wakasema makato ni asilimia 28 wanajidanganya, ni 29.8. Na ni vizuri kuijua hiyo namba kwa sababu sehemu nyingi, hasa kwenye simu, hawakupi mistari mitatu kama yule dada, wanakupa ada moja ambayo kila kitu kimo ndani, unadhani yote imeenda kwa kampuni. Ukitaka kujua nani kala nini chukua hiyo ada gawanya kwa 1.298. Ukikuta ada imeandikwa 2,596, gawanya, unapata 2,000, hiyo ndo ya kampuni, 200 ushuru, 396 VAT. Tozo usiiingize kwenye hesabu hiyo, iweke pembeni, yenyewe haina asilimia ya ada.

Mi sinywi bia wala sivuti sigara, miaka yote nimekwepa vitu vyenye ushuru wa bidhaa kwa jitihada kubwa, mke wangu shahidi. Kumbe kila nikituma hela ya dawa nakutana na ushuru wa familia ileile, nimekaa kaunta moja na walevi na hata kreti sijaiona.

Halafu kuna kichekesho kimoja. Nikataka sasa nijue kwa mwaka mzima nimekatwa jumla ngapi, nikaomba benki wanipe taarifa ya miezi yote iliyopigwa muhuri. Wakasema inapatikana, kuna ada ya kila kurasa. Sawa. Na hiyo ada ina ushuru. Na juu yake ina VAT. Nikamuuliza dada, kwa hiyo nikitaka kujua nimekatwa kiasi gani, nakatwa? Akasema ndiyo, na itaonekana kwenye taarifa ya mwezi ujao. Alisema bila hata kutabasamu, yule dada atafika mbali.

Kingine ni hizi bure. Enzi zile tozo bado iko kwenye kutuma, mtandao mmoja uliniletea meseji kwamba wikiendi hii tuma hela bure. Nikatuma kwa mbwembwe, nimekatwa. Nikapiga simu kwa hasira, kijana akanijibu kwa upole kabisa, mzee ada ni sifuri, kwa hiyo VAT yake sifuri na ushuru sifuri, ila tozo haimo kwenye ofa yetu hiyo si ya kwetu. Na alikuwa sahihi, ndo inaumiza. Asilimia 18 ya sifuri ni sifuri, lakini tozo inaangalia kiasi, na kiasi hakikuwa bure. Kwa hiyo sa hivi mtu akikwambia kutoa ni bure muulize kwanza, ni ada ndo bure au na tozo mnalipa nyie?

Na ile ya kubaki na chenji za ajabu kwenye simu. Una 50,000 kamili, unataka kutoa 50,000, inakwambia salio halitoshi, haya toa pungufu ya hapo, imebaki elfu moja na ushee ambayo huwezi kuitoa kwa sababu kuitoa nayo kuna makato. Inakaa humo inazeeka. Nyumba nzima kwetu tuna vijisenti vya hivyo kwenye laini tofauti, tukivichanga tunapata kilo ya sukari, ila kuvichanga nako mpaka utume.

Njia ya kupunguza ipo, na si ile ya kugawa laki moja mara nne, hiyo mara nyingi inakuumiza zaidi maana ada ya kila kipande inaanza upya. Njia ni kutoitoa hela kabisa. Usipotoa, tozo ya kutoa haina pa kukushika. Lipa humo humo kwenye simu, luku lipa kwenye simu, maji lipa kwenye simu, duka lenye lipa namba lipa namba.

Ndo nikaenda kwa mangi pale kona najiamini, nimebeba unga, mafuta, sabuni, nikamwambia mangi nipe lipa namba. Mangi akaangalia juu akaangalia chini. Lipa namba ipo? Ipo, ile pale ukutani, ina fremu kabisa. Inafanya kazi? Inafanya. Ila leo, mzee wangu, tuma tu kwenye hii namba yangu ya kawaida. Kwa nini mangi? Kwa sababu kesho asubuhi nataka cash niende Kariakoo. Haya basi, jumla ngapi? Ishirini na tatu elfu mia tano.

Nikatuma. Meseji ikaingia kwake, akaisoma, akavua miwani.

"Mzee, na ya kutolea?"